Orodha moja ya marejeleo, alama tatu tofauti: uchambuzi wa kisa cha kukata alama

Kisa hiki kimeundwa kutokana na makosa yanayojirudia katika tasnifu na makala za semina za wanafunzi wa Kiswahili. Mwanafunzi amewasilisha makala ya semina kuhusu tanzu za fasihi simulizi. Makala nzima ina alama 100, na orodha ya marejeleo imetengewa 10. Mwongozo wa idara unataka mtindo wa APA, toleo la 7, kwa badiliko moja: waandishi wawili waunganishwe kwa "na" badala ya "&", kwa kuwa makala imeandikwa kwa Kiswahili. Orodha ina machapisho 24. Vitabu ni 16, na yaliyobaki ni makala za majarida, tasnifu na nyaraka za mtandaoni.

Makala ilisahihishwa na watu wawili. Wa kwanza alitoa 1.75 kati ya 10, wa pili akatoa 8. Hakuna aliyefanya uzembe. Kila mmoja anaweza kutetea alama yake mstari kwa mstari, na hapo ndipo penye tatizo. Mwongozo uliwaambia "kata alama kwa makosa ya urejeleaji" bila kusema kosa ni nini na linahesabiwaje.

Tuanze na msahihishaji wa kwanza. Alipita kwenye orodha na kalamu nyekundu, akahesabu kila doa. Vitabu 7 vilikuwa na mahali pa uchapishaji, kitu ambacho toleo la 7 la APA limekiondoa. Machapisho 5 yenye waandishi wawili yaliunganishwa kwa "&". Mada 12 ambazo zilipaswa kuwa katika herufi za mlazo hazikuwa hivyo. Mwandishi mmoja aliandikwa jina lake la kwanza kwa ukamilifu badala ya herufi ya mwanzo. Hayo ni 25. Akaongeza makosa 4 ya taarifa zenyewe na makosa 4 ya kutopatana kati ya matini na orodha. Jumla 33. Kila kosa robo alama, yaani 8.25 zimekatwa, ikabaki 1.75.

Ukiiangalia hesabu hiyo kwa karibu, utaona kwamba alama 6.25 kati ya 8.25 zilizokatwa zimekwenda kwenye sura ya orodha: mlazo, "&", mahali pa uchapishaji, jina lililoandikwa kwa urefu. Taarifa zisizo sahihi, ambazo ndizo zinazompoteza msomaji, zimegharimu alama 1 tu. Mada iliyokosa mlazo imepimwa sawa na jarida lililotajwa kimakosa. Tena, tabia moja, kusahau mlazo, imemgharimu mwanafunzi alama 3. Angekuwa na machapisho 12 tu badala ya 24, tabia ileile ingemgharimu nusu ya hapo. Kwa utaratibu huu, anayesoma zaidi ndiye anayeadhibiwa zaidi, na hilo haliwezi kuwa lengo la mtu yeyote anayefundisha utafiti.

Msahihishaji wa pili alifanya kinyume. Aliona aina tatu za makosa ya mtindo, akakata alama 2 kwa jumla, akaendelea na sura nyingine. Hakufungua chanzo hata kimoja. Kwake orodha ilionekana kama orodha: majina yamefuatana kwa alfabeti, miaka iko kwenye mabano, namba za kurasa zipo. Makosa manne mabaya zaidi yalimpita, kwa sababu makosa ya aina hiyo hayaonekani kwa kutazama. Huyaoni mpaka ufungue chanzo.

Kwa hiyo orodha inabeba mambo matatu yanayohitaji kupimwa kila moja kwa njia yake. La kwanza ni usahihi: je, taarifa zilizoandikwa ni za chapisho lililopo, na zinamfikisha msomaji kwenye chapisho hilo? La pili ni uwiano: je, mwandishi ameshika mtindo mmoja kuanzia juu hadi chini? La tatu ni upatano: je, kila kilichotajwa ndani ya makala kimo kwenye orodha, na kila kilichomo kwenye orodha kimetajwa? Katika kisa hiki tunagawa alama 10 hivi: usahihi 5, uwiano 3, upatano 2. Mgawanyo si sheria ya mbinguni, lakini usahihi usipopewa fungu kubwa zaidi, orodha iliyopambwa vizuri itaishinda orodha iliyo ya kweli.

Usahihi ndio unaochukua muda, na hakuna msahihishaji mwenye makala 60 mezani anayeweza kufungua vyanzo 24 vya kila mwanafunzi. Hapa tulikagua vinane. Vinne vilichukuliwa kwa kuruka, cha 6, cha 12, cha 18 na cha 24, na vinne vikachaguliwa kwa sababu vilitia shaka. Kuna tahadhari moja inayosahaulika sana. Ukichagua vyanzo vinavyotia shaka, huwezi kukuza matokeo yake kwa orodha nzima. Makosa manne katika vinane havimaanishi makosa kumi na mbili katika ishirini na nne. Unakata kwa yale uliyoyaona na kuyathibitisha, basi.

Chanzo cha kwanza kilichotia shaka kiliandikwa hivi:

Mulokozi, M. M. (1989). Tanzu za fasihi simulizi. *Kiswahili*, *21*, 1–24.

Makala hiyo ipo, ni ya mwaka huo, na inajulikana na kila anayesoma fasihi simulizi ya Kiswahili. Lakini ilitoka katika *Mulika*, namba 21, si katika *Kiswahili*. Majarida yote mawili yalichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ndiyo sababu wanafunzi huyachanganya. Msomaji anayekwenda maktaba na taarifa hii ataomba *Kiswahili* juzuu la 21, na hataikuta makala. Jina la mwandishi ni sahihi, mada ni sahihi, mwaka ni sahihi, namba ni sahihi, ila mlango alioelekezwa si wenyewe. Hili tunaliita kosa zito, na linakatwa alama 1.

Chanzo cha pili:

Finnegan, R. (1970). *Oral literature in Africa*. Open Book Publishers.

Hapa matoleo mawili yameunganishwa kuwa moja. Kitabu kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1970 na Clarendon Press ya Oxford. Mwaka 2012 kilitoka tena kwa Open Book Publishers, na toleo hilo linapatikana bure mtandaoni, ndilo wanafunzi wengi wanalolisoma siku hizi. Open Book Publishers ilianzishwa mwaka 2008, kwa hiyo haiwezi kuwa imechapisha kitu mwaka 1970. Msahihishaji asiyejua hata neno moja la fasihi simulizi angeweza kulinasa kosa hili kwa kuuliza swali moja: mchapishaji huyu alikuwepo mwaka huo?

Uzito wake haupo kwenye mwaka peke yake. Ndani ya makala mwanafunzi amenukuu maneno ya kitabu hicho na kuweka namba ya ukurasa. Ukurasa huo ni wa toleo la 2012. Msomaji mwenye nakala ya 1970 akifungua ukurasa huohuo hatayakuta maneno yaliyonukuliwa, na anaweza kudhani nukuu imetungwa. Kwa sababu hiyo, nalo ni kosa zito, alama 1. Laiti mwanafunzi angetaja kitabu kwa ujumla bila nukuu wala ukurasa, kosa lingekuwa jepesi, kwa maana kitabu kingepatikana na hoja ingeonekana.

Chanzo cha tatu kilihusu kamusi. Ndani ya makala imeandikwa "TUKI (2004)", lakini kwenye orodha imeandikwa "TATAKI. (2004). *Kamusi ya Kiswahili sanifu* (toleo la 2)". Taasisi ni ileile kwa ukoo, lakini jina la TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, lilikuja mwaka 2009. Toleo la pili la kamusi, la 2004, lina jina la TUKI kwenye jalada, na toleo la tatu, la 2013, ndilo lenye jina la TATAKI. Mwanafunzi amelipa toleo la zamani jina jipya. Je, msomaji atakipata kitabu? Atakipata, kwa sababu jina la kamusi, mwaka na toleo vyote vinaelekeza mahali pamoja. Hivyo ni kosa jepesi, nusu alama.

Kamusi hiyohiyo ndiyo iliyomfanya msahihishaji wa kwanza akate mara mbili. Aliliandika kosa hili chini ya taarifa potofu, kisha akaliandika tena chini ya kutopatana, kwa sababu TUKI iliyotajwa ndani haikuonekana kwenye orodha. Kanuni yetu ni kwamba sababu moja hukatwa mara moja, kwenye kifungu chenye uzito zaidi. TUKI na TATAKI zimetofautiana kwa sababu moja tu, nayo imeshalipiwa katika usahihi.

Chanzo cha nne kilikuwa kile ambacho tafiti nyingi zenye dodoso hapa Afrika Mashariki hukitaja, jedwali la ukubwa wa sampuli:

Krejcie, R. V. & Morgan, D. W. (1970). Determining sample size for research activities. *Educational and Psychological Measurement*, *38*, 607–610. https://doi.org/10.1177/001316447003000308

Juzuu sahihi ni 30, toleo la 3. Namba 38 imezunguka sana kwenye orodha za marejeleo, na mwanafunzi anayeinakili kutoka tasnifu ya mtu mwingine huirithi pamoja na kosa lake. Ni dalili nzuri kwamba chanzo hakikufunguliwa. Lakini dalili si ushahidi, na alama hukatwa kwa kilichoandikwa, si kwa kinachokisiwa.

Uzuri wa chanzo hiki ni kwamba kinajisahihisha chenyewe. Tazama tarakimu zilizo baada ya mkwaju wa mwisho kwenye DOI. Nane za mwanzo, 00131644, ni namba ya ISSN ya jarida. Mbili zinazofuata, 70, ni mwaka. Kisha 030 ni juzuu, 003 ni toleo, na 08 ni nafasi ya makala ndani ya toleo. DOI nyingi za zamani za majarida ya Sage zimejengwa hivi. Kwa hiyo mwanafunzi ameandika juzuu la 38 pembeni ya kiungo kinachosema wazi kwamba ni la 30. Msahihishaji anayeujua mpangilio huu hahitaji hata kuwasha intaneti. Asiyeujua anabandika kiungo kwenye kivinjari na kusoma ukurasa unaofunguka. DOI za wachapishaji wengine hazifuati mpangilio huu, kwa hiyo usiutumie kama kanuni ya jumla.

Kwa kuwa DOI iliyoandikwa ni sahihi, msomaji atafika. Kosa ni jepesi, nusu alama. Bila DOI, bado tungelihesabu kuwa jepesi kwa sababu mwaka na kurasa ni sahihi na makala inajulikana. Ila kama juzuu, mwaka na kurasa vyote vingekuwa vibaya, lingekuwa zito.

Vile vinne vilivyochukuliwa kwa kuruka, vitatu vilikuwa sawa. Cha nne kilikuwa tasnifu ya umahiri isiyochapishwa, na haikupatikana mtandaoni. Hapa wasahihishaji wengi huharibu. Kutoonekana kwenye Google si ushahidi kwamba kitu hakipo. Tasnifu nyingi za vyuo vyetu, hasa za miaka ya nyuma, zipo kwenye rafu za maktaba na hazijawahi kupakiwa popote. Ziulizie maktaba ya chuo husika, au mwombe mwanafunzi alete picha ya ukurasa wa jina na ukurasa alionukuu. Mwanafunzi huyu alileta picha zote mbili. Hakukatwa kitu.

Hali ingekuwa nyingine kabisa kama chanzo kingeonekana kimetungwa, yaani mwandishi hana kazi hiyo, jarida halina juzuu hilo, au DOI inafungua makala ya mambo mengine. Hapo swali la kukata ngapi linakoma. Huwezi kukata alama 1 kwa chanzo cha kughushi halafu ukaendelea kusahihisha, kwa sababu kwa kufanya hivyo umekigeuza kuwa kosa la uandishi. Weka makala kando, andika ulichokitafuta na mahali ulipokitafuta, mpe mwanafunzi nafasi ya kuleta chanzo, na asipokileta peleka suala kwenye utaratibu wa udanganyifu wa kitaaluma wa chuo chako.

Usahihi basi: 1 na 1, nusu na nusu, jumla 3. Mwanafunzi anabaki na 2 kati ya 5.

Uwiano unahitaji macho tu, na unapimwa kwa kuhesabu tabia, si matukio. Tabia moja isiyo na uwiano hukatwa nusu alama, ijitokeze mara tatu au mara kumi na tatu. Kosa lililotokea mara moja tu, na machapisho mengine yote yakawa sawa, halikatwi. Linawekewa alama pembeni ili mwanafunzi alione. Jina la kwanza lililoandikwa kwa urefu liliangukia hapo.

Zilizobaki ni tabia tatu. Vitabu 7 kati ya 16 vina mahali pa uchapishaji na 9 havina. Kazi 5 kati ya 9 zenye waandishi wawili zina "&" na 4 zina "na". Machapisho 12 kati ya 24 hayana mlazo pale unapotakiwa. Nusu alama mara tatu ni 1.5, anabaki na 1.5 kati ya 3.

Swali linalozuka kila mara ni hili: vipi kama vitabu vyote 16 vingekuwa na mahali pa uchapishaji? Mwanafunzi huyo ana uwiano kamili, ila anafuata desturi ya toleo la 6. Tunakata nusu alama mara moja kwa kutofuata mwongozo, na mwongozo wenyewe lazima uwe umetaja toleo. Kama mwongozo umeandika "APA" tu, hakuna cha kukata. Vivyo hivyo kwa majina yetu: Shaaban Robert anaandikwa "Robert, S." kwenye orodha moja na "Shaaban Robert" kwenye nyingine. Mwongozo ukiwa kimya, kubali lolote, ili mradi ndani ya makala na kwenye orodha jina liwe lilelile na liwekwe kwenye alfabeti kwa neno linaloanza.

Upatano unakaguliwa vizuri zaidi kwa karatasi na kalamu. Soma makala, na kila chanzo kinapotajwa mara ya kwanza weka vema pembeni ya jina lake kwenye orodha. Mwishoni, majina yasiyo na vema hayakutajwa, na uliyoyaandika pembeni kwa kukosa pa kuweka vema hayamo kwenye orodha. Kwa makala ya kurasa 20 ni kazi ya dakika kumi hivi. Katika kisa hiki vyanzo 23 vilitajwa ndani, 22 vikawa na vema, kimoja hakimo kwenye orodha, na viwili vya kwenye orodha havikutajwa popote.

Pande hizi mbili hazina uzito mmoja. Chanzo kilichotajwa na kukosekana kwenye orodha kinamnyima msomaji njia ya kuhakiki dai fulani, kwa hiyo kila kimoja ni nusu alama. Vyanzo vya ziada kwenye orodha havimpotezi mtu, vinaijaza tu, kwa hiyo vyote pamoja ni nusu alama. Jumla 1, anabaki na 1 kati ya 2.

Alama ya orodha: 2 na 1.5 na 1, yaani 4.5 kati ya 10.

Kila kifungu kina ukomo wake, na ukomo huo ufuatwe. Mwanafunzi mwenye makosa mazito 7 ya usahihi anapoteza 5, hapotezi 7, na uwiano wake mzuri unaendelea kumlipa 3 zake. Bila ukomo, kifungu kimoja humeza vingine na alama ya mwisho haisemi tena tatizo liko wapi.

Wasahihishaji wawili walipewa makala tena na mgawanyo huu, kila mmoja peke yake. Mmoja alipata 4.5, mwingine 5. Tofauti ilitoka kwenye Finnegan: wa pili alilihesabu kuwa kosa jepesi, akisema kitabu kinapatikana kirahisi. Alipoonyeshwa nukuu yenye ukurasa alikubali kuongeza nusu ya makato, na alama ikabaki 4.5. Kifungu kikaongezwa kwenye mwongozo: mwaka wa toleo ukikosewa, angalia kwanza kama makala ina nukuu yenye namba ya ukurasa.

Maoni aliyorudishiwa mwanafunzi yaliandikwa kwa mistari minne pembeni ya orodha, yakitaja kila kosa na makato yake: "Mulokozi 1989: jarida ni Mulika, si Kiswahili (−1). Finnegan: umechanganya toleo la 1970 na la 2012, ukurasa ulionukuu ni wa 2012 (−1). TUKI ndiyo jina la toleo la 2004 (−0.5). Krejcie na Morgan: juzuu ni 30(3), tazama DOI yako (−0.5)." Uwiano na upatano vikafuata kwa mstari mmoja kila kimoja. Akitaka kukata rufaa, ana kitu cha kukishika, na mtahini wa nje akija ana kitu cha kukikagua.